Damu Isiyo na Uchungu

Tuseme ni saa kumi na moja alfajiri pale Longonot, malori yanaunguruma kuelekea Mai Mahiu, na mama mwenye mimba ya wiki 33 anaamka akikuta shuka limelowa damu nyekundu. Haumwi popote na mtoto anacheza kama kawaida. Kufikia saa moja damu imekatika. Mama mkwe, ambaye amezaa wanane, anamkorogea uji na kumwambia apumzike, maadamu damu imejikata yenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Damu ya namna hii, inayokuja bila uchungu kisha ikakoma, humfanya daktari ashuku kwanza kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi. Katika miezi ya mwisho sehemu ya chini ya kizazi hunyooka na kuwa nyembamba, ila kondo halinyooki nayo. Linabanduka kidogo ukingoni na mishipa inabaki wazi. Mara ya kwanza damu huwa kidogo. Inayofuata haina ahadi, kwa sababu mimba inapokaribia kutimia kizazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mwili wa mjamzito nao huficha mambo: umeongeza damu mno hivi kwamba presha inaweza kuonekana nzuri huku mama akiishiwa. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hutangulia kusema ukweli.

Kitabu cha kliniki kichukuliwe kabla ya kutoka nyumbani. Huenda skani ya mwezi wa tano iliandika kwamba kondo liko chini. Hilo peke yake si la kutisha, maana mara nyingi kizazi kikikua kondo nalo husogea juu, ila skani hurudiwa karibu na wiki ya 32. Mama aliyewahi kupasuliwa ataje hilo mapema, kwani kondo hupenda kukaa kwenye kovu na wakati mwingine huota mizizi humo.

Jambo moja nalisisitiza hadi wauguzi wachanga wanichoke: asiingize mtu kidole kupima mlango kabla skani haijaonyesha kondo liko wapi. Kidole hicho kinaweza kutoboa kondo, na damu iliyokuwa ikidondoka ikaanza kumwagika.

Sasa tubadilishe kisa. Mama ni yuleyule, ila jana alianguka kutoka kwenye bodaboda, au presha yake imekuwa juu tangu mwezi wa saba. Leo tumbo linauma bila kupumzika na ukiligusa ni gumu kama ubao. Kitambaa kina damu nyeusi isiyozidi vijiko viwili. Hapa daktari huwaza kwamba kondo limebanduka kabla ya wakati, na damu imejikusanya nyuma yake. Ndiyo maana wingi wa damu ya nje si kipimo: mama anaweza kuzimia kwa damu ambayo hakuna aliyeiona. Mtoto naye hukosa hewa, akapunguza kucheza au akatulia kabisa.

Kondo likibanduka hivyo, damu ya mama inaweza kupoteza uwezo wa kuganda. Kipimo chake hakihitaji mashine. Muuguzi hutia mililita 2 za damu kwenye kichupa kikavu cha kioo, akakishika ndani ya ngumi kiwe na joto. Baada ya dakika 4 hukiinamisha polepole, kisha kila dakika. Ikifika ya 7 na damu bado ni maji, au bonge linavunjika kirahisi, ajue kuna hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Daktari hafungi hesabu hapo. Kovu la upasuaji linaweza kuachia wakati wa uchungu. Mara chache, chupa ikipasuka, damu inayotoka ni ya mtoto mwenyewe, naye hana hata nusu lita. Kuna pia vidonda vya mlango wa kizazi, na ute wenye michirizi ya damu unaotangulia uchungu. Kuvitofautisha si kazi ya nyumbani.

Turudi kwa mama wa alfajiri. Gari limpeleke hospitali ya rufaa ya Naivasha akiwa amelalia ubavu, pamoja na ndugu wawili wa kutoa damu. Huko atawekewa dripu, damu yake itapimwa kundi, atafanyiwa skani, na kwa kuwa hajafika wiki 34 atadungwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Damu ikitulia atalazwa, akisubiri upasuaji karibu na wiki ya 36 au 37.

Mama mkwe atauliza kwa nini mtu asiyetoka damu ashinde kitandani mwa hospitali. Siku ya tisa, usiku, damu inarudi, sasa ikifika sakafuni. Chumba cha upasuaji kiko mwisho wa ukumbi, na damu ya kundi lake iko tayari kwenye friji.