Siki, Bureti na Matone Mawili ya Mwisho

Chupa ya siki nyeupe mara nyingi huandikwa asilimia 5, yaani gramu 5 hivi za asidi asetiki katika kila mililita 100. Mkemia anayetaka kuhakiki maandishi hayo huizimua siki mara kumi kwa maji safi, akavuta mililita 25 kwa pipeti na kuzitia kwenye chupa ya kioo. Juu yake husimama bureti yenye hidroksidi ya sodiamu, moli 0.1 kwa lita. Alkali hiyo huteremshwa kidogo kidogo, kipima pH kikiwa ndani ya chupa, na kila kipimo huchorwa kwenye grafu.

Kabla ya tone la kwanza, pH ni 2.9. Asidi kali, kama haidrokloriki, yenye ukolezi uleule ingesoma 1.1. Siki haifiki huko kwa sababu asidi yake ni dhaifu: katika kila molekuli mia, kati ya moja na mbili tu ndizo zilizoachia ioni ya haidrojeni. Zilizobaki zimeishikilia, na huiachia pale tu alkali inapokuja kuidai.

Mwanzoni pH hupanda upesi kidogo, kisha mstari hulala. Tuseme titresheni hii itahitaji mililita 20.8 za alkali hadi asidi yote iishe. Kutoka mililita 5.2 hadi 15.6, ambayo ni nusu nzima ya kazi, pH husogea kutoka 4.28 hadi 5.24 tu. Haijafika hata kizio kimoja! Wakati huo chupani mna asidi ambayo haijaguswa pamoja na asetati iliyozaliwa kutokana na ile iliyokwisha kuguswa. Asidi humeza alkali inayoingia, nayo asetati iko tayari kupokea ioni za haidrojeni zikizidi. Mchanganyiko wa namna hii ndio wakemia wanaouita bafa.

Katikati kabisa ya eneo hilo, kwenye mililita 10.4, nusu ya asidi imegeuka kuwa asetati na nusu imesalia. Viwili hivyo vikiwa sawa, uwiano wao ni moja, na logi ya moja ni sifuri. Kwa hiyo pH inabaki kuwa sawa na pKa, namba inayopima udhaifu wa asidi yenyewe. Kwa asidi asetiki namba hiyo ni 4.76. Siki ikizimuliwa mara tano badala ya kumi, nukta ya nusu itahamia kwenye ujazo mwingine, lakini pH yake itabaki palepale. Ndiyo maana anayepewa asidi dhaifu asiyoijua huanza kutafuta utambulisho wake hapo.

Kisha unakuja mwisho, ambako wengi huteleza kwa kudhani kwamba asidi ikiisha pH lazima iwe 7. Kwenye mililita 20.8 asidi imekwisha kweli, wala alkali haijazidi, lakini kipimo husoma 8.7. Chupani mna asetati ya sodiamu, na asetati hunyang'anya maji ioni chache za haidrojeni, ikiacha ioni za haidroksidi zikielea. Ni chache mno, ila zinatosha kuvusha pH upande wa besi.

Mahali hapo mstari karibu usimame wima. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05. Likibaki tone moja kufika, pH ni 7.4, likizidi moja, ni 10. Matone mawili yamefanya zaidi ya mara mbili ya kile kilichofanywa na mililita kumi pale katikati.

Asiye na kipima pH hutegemea kiashiria, na hapa uchaguzi wake ndio unaoamua jibu. Fenolftalini hugeuka waridi kati ya 8.3 na 10, ndani ya ule mruko. Methili ya machungwa hugeuka kati ya 3.1 na 4.4. Ikitumika kwa siki, rangi itabadilika polepole, bila tone moja la kuamua, na itamaliza kubadilika kwenye mililita 6.3 hivi. Mwenye kuiamini ataandika kwamba siki ina asilimia 1.5, na muuza siki ataonekana mwizi bure.

Hata kwa fenolftalini, waridi hafifu likiachwa wazi hufifia, kwa kuwa kaboni dioksidi ya hewani huingia chupani na kuishusha pH. Desturi ni kukubali rangi inayodumu nusu dakika.

Kuna asidi zilizo dhaifu mno kiasi kwamba mruko wenyewe hupotea. Asidi boriki, yenye pKa ya 9.24, hupandisha mstari taratibu tu, na fenolftalini huanza kubadilika mapema mno. Wachambuzi huongeza manitoli, sukari-alkoholi inayojifunga na boriki na kuzaa asidi yenye nguvu zaidi, ndipo mruko unapojitokeza na bureti ikasomeka.