Engineer alisema, lakini hakuandika

Tuseme zabuni ni ya kujenga ukuta wa shule wenye urefu wa mita 400. Tangazo la kikao cha ufafanuzi ni nusu ukurasa tu: Jumatano saa 4:00 asubuhi, hapo hapo shuleni, kila kampuni ilete watu wasiozidi wawili na barua ya utambulisho, maswali ya maandishi yafike wiki moja kabla, nauli ni juu ya mzabuni mwenyewe.

Kwanza tazama neno lililotumika kuhusu mahudhurio. Katika nyaraka sanifu za Benki ya Dunia, zinazotumika katika miradi mingi ya kwetu, kutohudhuria hakumtoi mzabuni. Matangazo mengine, hata hivyo, husema kufika ni lazima, na hutoa fomu inayogongwa muhuri papo hapo uwanjani. Usipoiambatisha kwenye zabuni, unaweza kung'olewa kabla bei yako haijatazamwa.

Mimi ningekwenda hata pasipo lazima, maana karatasi haioneshi mawe. Jedwali la kazi linasema msingi utachimbwa kwenye udongo wa kawaida. Mnazunguka uwanja, na upande wa kusini, kwa mita kama 100, mwamba umechomoza kati ya nyasi. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90 hapo ni mita za ujazo 54, na mwamba hauchimbwi kwa jembe wala kwa bei ya jembe.

Ukiuliza kwa sauti, washindani wote wanajua nani ameuona. Ukiuliza kwa maandishi, jibu huenda kwa kila aliyechukua nyaraka, ila jina la muuliza halitajwi. Shida ni kwamba kikao ndicho kilichokuonesha mwamba, na siku ya mwisho ya maswali ya kikao imeshapita. Ndiyo maana wazoefu hutembelea eneo mapema, kisha huandika wakitaja namba ya kipengele: je, kipengele hiki kinajumuisha mwamba, au utalipwa peke yake?

Engineer akijibu pale uwanjani, "Msijali, mwamba tutaulipa," wengi hutikisa kichwa na kushusha bei. Hapo ndipo watu huumia. Kauli hiyo haibadilishi kitu, na hata muhtasari wa kikao hauwezi kubadilisha nyaraka za zabuni. Kinachobadilisha ni nyongeza rasmi inayotumwa kwa wote, na ikitoka siku zimebaki chache, mnunuzi anaweza kusogeza mbele tarehe ya mwisho ya kuwasilisha zabuni.

Nyongeza isipotoka, kadiria mwamba ndani ya bei yako. Ikitoka, ihesabu upya bei kwa jedwali jipya, kwa kuwa barua ya zabuni utakayosaini inasema umezisoma nyaraka zote, pamoja na nyongeza zake.