Mkurugenzi anapofungua tawi

Tuseme chama cha akiba na mikopo kinafungua tawi Ifakara, na mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya. Mkurugenzi husema kabla yake, kwa hiyo kazi yake ni kumwandalia mgeni njia. Dakika 5 hadi 7 zinamtosha.

Huanza kwa kumtaja mgeni rasmi, kisha viongozi wengine kwa vyeo vyao, na kumalizia kwa “itifaki imezingatiwa”. Shukrani zinazofuata huwa na uzito kila mshirika akitajwa pamoja na alichofanya: halmashauri ilitoa kibali, mwenye nyumba alikubali ukuta uvunjwe, mwenyekiti wa mtaa aliitisha mikutano. Anayesema tu “nawashukuru wadau wote” hajamshukuru mtu.

Kwenye malengo ndipo wengi huteleza. “Kusogeza huduma karibu” hakupimiki. Afadhali aseme: “Mkulima wa mpunga atakayekamilisha fomu atajibiwa ndani ya siku 14.” Ahadi hiyo mwanachama anaweza kuidai, kwa hiyo asiitoe kabla ya kumuuliza meneja wa tawi kama inatekelezeka.

Mwisho humkaribisha mgeni rasmi azungumze na kukata utepe.