Sita isiyotoka milele

Anayecheza ludo anaijua adha ya kukaa na kete zote nne nyumbani huku wenzake wanazunguka ubao, kisa sita haijatoka. Anarusha dadu, tano. Anarusha tena, mbili. Mwishowe analalamika, "Leo sita haitoki milele!" Mimi neno hilo la mwisho hunishika kila mara. Kukosa mara kumi ni jambo tunaloweza kulijaribu na kulihesabu, lakini hakuna aliyewahi kurusha dadu milele akamaliza. Basi uwezekano wa kukosa milele tutaujuaje?

Tuanze na yanayohesabika. Katika rusho moja la dadu isiyochezewa, nafasi ya kukosa sita ni 5/6. Marusho hayategemeani, kwa hiyo kukosa mara mbili mfululizo ni 5/6 × 5/6, yaani 25/36. Ukiendelea kuzidisha hivyo, kukosa mara 10 kunafika 0.16 hivi, mara 20 ni 0.026, na mara 50 ni kama 0.0001.

Sasa tuziache namba kidogo tuyatazame matukio yenyewe. Aliyekosa katika marusho 10 ya kwanza lazima alikosa pia katika yale 9 ya kwanza. Kila tukio limo ndani ya lililolitangulia, kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa. Mfuatano huo ni wa kupungua, na kinachobaki ndani ya sufuria zote kwa pamoja ni tukio moja tu: kukosa milele. Kanuni ya mwendelezo wa uwezekano inasema kwamba uwezekano wa kinachobaki ni kikomo cha uwezekano wa sufuria moja moja. Namba zetu zinakaribia 0, basi kukosa milele kuna uwezekano 0.

Ukiligeuza jambo hilo unapata mfuatano wa kuongezeka. "Kupata sita ndani ya marusho 10" kumo ndani ya "kupata sita ndani ya marusho 11", na ukiyaunganisha matukio hayo yote unapata "kupata sita siku moja". Hapa kikomo ni 1.

Kwa nini tuiamini kanuni hii? Ligawe tukio la kupata sita kwa kuuliza imetoka kwa mara ya kwanza kwenye rusho la ngapi. Rusho la kwanza lina 1/6, la pili 5/36, la tatu 25/216, na kuendelea. Vipande hivi havigongani, maana mara ya kwanza huwa moja tu. Ukijumlisha vipande 10 vya mwanzo unapata uwezekano wa kupata sita ndani ya marusho 10. Ukijumlisha vyote, bila mwisho, unapata uwezekano wa kupata sita siku moja, na jumla isiyo na mwisho maana yake ni kikomo cha jumla zenye mwisho.

Ruhusa ya kujumlisha vipande visivyo na mwisho haijileti yenyewe. Mrusi Andrei Kolmogorov, katika kitabu chake cha 1933 kilichoweka misingi ya somo hili, aliiweka kama sharti, tena kwa sura ya sufuria zinazopungua. Bila sharti hilo mambo huharibika. Fikiria mtu anayedai kuchagua namba yoyote kati ya 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho, zote kwa nafasi sawa. Kwake, "namba inazidi milioni" ina uwezekano 1, na "inazidi bilioni" vilevile 1, ilhali hakuna namba inayozizidi zote. Kikomo ni 1, kinachobaki ni mtupu. Ndiyo maana bahati nasibu ya aina hiyo haikubaliki katika misingi ya Kolmogorov.

Kosa ninaloliona zaidi, hata hivyo, ni kudhani kwamba ukijaribu bila kuchoka, lazima utapata. Chukua mifuko ya gololi. Wa kwanza una gololi 4, wa pili 9, wa tatu 16, wa nne 25, na kila mfuko una nyekundu moja tu. Unachomoa gololi moja kila mfuko bila kutazama. Kukosa nyekundu katika mfuko wa kwanza ni 3/4. Kukosa katika miwili ni 3/4 × 8/9, yaani 2/3. Katika mitatu ni 5/8, katika minne 3/5. Ziandike upya uone zinakokwenda: nusu na 1/4, nusu na 1/6, nusu na 1/8, nusu na 1/10. Baada ya mifuko 99 ni 0.505. Kipande cha ziada kinaisha, nusu inabaki, na kwa kanuni ileile nusu hiyo ndiyo uwezekano wa kupita mifuko yote isiyo na mwisho bila kuiona nyekundu hata mara moja, ingawa imo katika kila mfuko.