Kuongeza safuwima huku wateja wakiendelea kutuma pesa

Wengi wetu tumewahi kupokea ujumbe wa simu unaosema huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri kwa sababu ya matengenezo ya mfumo. Mara nyingine ni mashine zinabadilishwa, na hapo hakuna ujanja. Lakini mara nyingine kinachobadilishwa ni umbo la jedwali moja ndani ya kanzidata, kazi ambayo siku hizi inaweza kufanywa saa nne asubuhi, wateja wakitumiana pesa na wasijue lolote.

Tuchukue mfano. Kampuni ya malipo ina jedwali liitwalo `miamala` lenye mistari milioni 80, na kila sekunde inaongezeka mingine. Namba za simu zimehifadhiwa kwa mtindo wa nyumbani, 0712 na kuendelea. Sasa kampuni inataka kuvuka mipaka, kwa hiyo inahitaji safuwima mpya yenye namba kamili inayoanza na 255. Kanzidata yenyewe ni PostgreSQL, ambayo kampuni nyingi huitumia.

Kuongeza safuwima tupu ni kazi ya kufumba na kufumbua. PostgreSQL haigusi mistari milioni 80. Inaandika tu kwenye daftari lake la ndani kwamba jedwali lina safuwima moja zaidi. Tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2018, hata ukiipa safuwima hiyo thamani ya kuanzia isiyobadilika, kazi ni ileile nyepesi. Zamani jedwali zima lingeandikwa upya.

Basi hatari iko wapi? Iko kwenye kufuli. Ili kubadilisha umbo la jedwali, amri ya `ALTER TABLE` inahitaji kulishika peke yake, pasiwe na anayesoma wala anayeandika. Inalihitaji kwa muda mfupi sana, ila lazima kwanza walio ndani wamalize. Sasa tuseme mtu wa idara ya fedha ameanzisha ripoti inayosoma jedwali hilohilo kwa dakika kumi. Amri yetu inasubiri ripoti iishe, na kila ombi linalokuja baadaye, hata la kusoma tu, linapanga foleni nyuma ya amri yetu. Ni kama lori pana linalongoja daraja liwe wazi: halijaanza kuvuka, lakini magari madogo yote ambayo yangepita bila shida yamekwama nyuma yake. Kwa mteja, mfumo umekufa. Mhandisi naye anatazama seva na kuona haifanyi kazi yoyote nzito, anabaki kujiuliza.

Dalili huonekana kwenye `pg_stat_activity`: maombi mengi, yote yakiwa na neno `Lock` kwenye safuwima ya `wait_event_type`. Dawa yake ni kuiambia amri isisubiri kupita kiasi:

```
SET lock_timeout = '2s';
ALTER TABLE miamala
  ADD COLUMN simu_kimataifa text;
```

Ikishindwa kupata kufuli ndani ya sekunde mbili, amri inaacha, foleni inafunguka, na unajaribu tena baada ya muda. Wateja watahisi kuchelewa kwa sekunde mbili, basi. Kwangu mimi mstari ule wa kwanza ndio unaotenganisha kazi salama na ya kubahatisha, na ndio unaosahaulika kuliko yote.

Safuwima ikishapatikana, kishawishi ni kuanza kujaza mistari ya zamani papo hapo. Subiri. Programu bado inaandika `simu` peke yake, kwa hiyo utakapokuwa unajaza huku, miamala mipya itaendelea kuingia kule ikiwa na pengo, na hutamaliza kamwe. Kwanza toa toleo la programu linaloandika safuwima zote mbili, huku likiendelea kusoma ile ya zamani. Hakikisha seva zote zimelipokea, kisha ndipo ugeukie ya zamani.

Kujaza kwa amri moja ya `UPDATE` kunavutia kwa sababu ni mstari mmoja tu wa kuandika. Tatizo ni kwamba PostgreSQL haifuti thamani ya zamani na kuandika mpya juu yake. Huandika nakala mpya ya mstari mzima na kuiacha ile ya zamani hadi ije kufagiliwa baadaye. Mistari milioni 80 inazaa mingine milioni 80, na jedwali linakaribia kuwa mara mbili kabla ufagiaji haujaweza kuanza. Pia kila mstari ulioguswa unabaki umefungwa hadi amri nzima iishe, kwa hiyo mteja anayetaka kurudishiwa muamala uliokosewa atasubiri saa nzima au zaidi. Seva za nakala nazo zinalemewa na mabadiliko hayo na kubaki nyuma. Kama salio linasomwa kutoka kwenye nakala, mtu atatumiwa pesa na asizione.

Kwa hiyo tunakwenda kwa mafungu:

```
UPDATE miamala
SET simu_kimataifa = '255' || substr(simu, 2)
WHERE id > 0 AND id <= 5000
  AND simu LIKE '0%'
  AND simu_kimataifa IS NULL;
```

Fungu likiisha, linathibitishwa peke yake, programu inapumzika kidogo, kisha inaendelea kutoka 5000 hadi 10000. Kama fungu moja na mapumziko yake vinachukua nusu sekunde, mafungu 16,000 yataisha kwa saa mbili na robo hivi. Ukiona `replay_lag` kwenye `pg_stat_replication` inapanda, ongeza mapumziko. Kazi ikikatika katikati, unaanzia ulipoishia, kwani mistari iliyokwisha kujazwa inarukwa.

Sharti la `LIKE '0%'` lina sababu yake. Katika jedwali la miaka mingi hapakosekani namba zilizoingizwa na +255 tangu mwanzo. Bila sharti hilo zingegeuka 255255 na kuendelea, na kosa hilo lingejificha vizuri sana. Likiwepo, namba hizo zinabaki na pengo, unazihesabu mwishoni na kuzishughulikia kivyake.

Mapengo yakiisha, unataka kanzidata yenyewe ikatae pengo jingine lolote. Kuweka `NOT NULL` moja kwa moja kutalifunga jedwali huku mistari yote ikikaguliwa. Njia ya pembeni ni kuligawa sharti mara mbili:

```
ALTER TABLE miamala ADD CONSTRAINT simu_ipo
  CHECK (simu_kimataifa IS NOT NULL) NOT VALID;

ALTER TABLE miamala VALIDATE CONSTRAINT simu_ipo;
```

Amri ya kwanza inahusu kinachoandikwa kuanzia sasa, na inapita haraka, ingawa nayo inahitaji kile kikomo cha sekunde mbili. Ya pili inakagua ya zamani bila kumzuia anayesoma wala anayeandika. Usizifunge pamoja kwenye mkupuo mmoja, la sivyo kufuli nzito ya kwanza itashikiliwa muda wote wa ukaguzi. Kuanzia toleo la 12, `SET NOT NULL` ikilikuta sharti lililothibitishwa hivi haikagui upya.

Sasa programu inaweza kuanza kusoma safuwima mpya. Ile ya zamani iache ikae, na iendelee kuandikwa, wiki kadhaa. Toleo jipya likileta shida, unarudi kwenye la nyuma na data yake ipo. Siku ya kuiondoa, `DROP COLUMN` itaomba kufuli ileile nzito, kwa hiyo `lock_timeout` inarudi kazini. Usishangae diski isipopungua siku hiyo: PostgreSQL huificha tu safuwima, na nafasi yake hupatikana polepole kadiri mistari inavyoandikwa upya.