Mkasi haumwonyeshi mtoto alipokosea

Karatasi ina maswali sita ya kutoa, imejazwa kwa penseli na mwanafunzi wa Darasa la Tatu. 58 − 23 ameandika 35, na 86 − 52 ameandika 34. Hayo mawili amepata. Mengine yako hivi: 74 − 38 = 44, 91 − 46 = 55, 63 − 29 = 46 na 305 − 128 = 223. Mwalimu mwenye rundo la karatasi mbele yake atachora mikasi minne, ataandika 2/6 juu kwa kalamu nyekundu, kisha atavuta karatasi nyingine.

Alama hizo ni halali, ila hazisemi kosa liko wapi. Turudi kwenye 74 − 38. Safu ya mamoja ina 4 juu na 8 chini. Mtoto ameandika 4, yaani amechukua 8 akatoa 4. Kwenye 63 − 29 ameandika 6, yaani 9 kutoa 3. Kwenye 305 − 128 kapata 3 kwenye mamoja kwa 8 kutoa 5, na 2 kwenye makumi kwa 2 kutoa 0. Huyu hajabahatisha hata mara moja. Ana kanuni yake, nayo anaifuata kwa uaminifu: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ndiyo maana maswali mawili yasiyohitaji kukopa ameyapata bila shida.

Jambo hili lina utafiti wa muda mrefu. Mwaka 1978 Wamarekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha kazi yao kuhusu makosa ya namna hii, wakaonyesha kwamba mengi kati ya majibu ya watoto yanayoonekana ya ovyo hutoka kwenye hatua moja iliyopinda, ambayo mtoto huirudia swali baada ya swali.

Sasa mweke kando yake mwenzake, naye amepata 2/6. Huyu kwenye 74 − 38 ameandika 46, na kwenye 63 − 29 ameandika 44. Anajua kukopa: 4 imekuwa 14, akatoa 8, ikabaki 6. Alichosahau ni kupunguza 7 iwe 6. Alama zao ni sawa, lakini hawahitaji somo moja. Wa kwanza arudishwe kwenye vijiti, afungue fungu la kumi aone mamoja yakiongezeka. Wa pili anahitaji mazoea ya kukata tarakimu aliyoikopa na kuandika mpya juu yake.

Kwa hiyo badala ya mkasi chora mviringo wa kalamu nyekundu penye kosa, na usiuweke mahali pamoja kwa wote wawili. Kwa mtoto wa kwanza, zungushia 4 ya mamoja kwenye jibu lake la 44, kwa sababu njia ilipotea hapo. Makumi yake, 7 kutoa 3, yamefuata tu. Kwa wa pili, 6 ya mamoja ni sahihi, kwa hiyo zungushia 7 iliyo juu ambayo haikupunguzwa.

Swali la 91 − 46 ndilo la kuangaliwa kwa makini, kwa maana watoto wote wawili wameandika 55. Wa kwanza katoa 1 kwenye 6, wa pili katoa 6 kwenye 11, na kote imebaki 5. Tarakimu za mamoja zikipishana kwa 5, jibu halitofautishi kanuni hizo mbili. Mwalimu atazame kama kuna 1 ndogo iliyoandikwa kando, au alama ya kukata iliyofutwa kwa ufutio. Asipoiona, aweke alama ya kuuliza badala ya kukisia. Na anayetunga karatasi ya kupima kukopa angefanya vema kuliepuka swali la aina hiyo.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya kusoma mwandiko. Mtoto aliyenakili 63 − 29 kama 68 − 29 akapata 39 ametoa vizuri kabisa. Kosa lake ni la kunakili, na mviringo unakaa kwenye 8. Vivyo hivyo 1 yenye mkia mrefu inaweza kusomwa 7, na 0 isiyofungwa vizuri ikageuka 6. Kwenye shaka, mwite mwenyewe akusomee alichoandika.

Kosa lililotokea mara moja tu huenda ni kuteleza, na kanuni huthibitishwa kwa marudio. Mpe 82 − 35. Akijibu 53, ni ile kanuni ya kutoa ndogo kwenye kubwa. Akijibu 57, amekopa bila kupunguza. 47 ni sahihi. Mwache afanye huku anasema kwa sauti, na usimkatize anapofika kwenye 2 na 5.