Hotuba imkae msemaji mdomoni

Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mpakani, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirundi, atasoma kwa Kiswahili ombi la kupunguziwa kodi mbele ya maofisa wa forodha. Wewe umepewa kazi ya kumwandikia.

Katika Kirundi, kama ilivyo katika Kinyarwanda, sauti za r na l hazitenganishi maana, hivyo msemaji huweza kuzichanganya. Usihangaike kuziondoa zote: akisema "balabala", kila mtu ataelewa ni barabara. Hatari ipo pale kosa linapozaa neno jingine. "Tuna fahari kuwapokea" ikigeuka "tuna fahali", wageni watatafuta ng'ombe dume alipo. Andika "tunajivunia kuwapokea".

Misemo nayo huteleza. Aliyekusudia "maji yamezidi unga" akisema "unga umezidi maji", ombi zito linageuka kichekesho. Andika wazi: "Kodi inazidi faida yetu."

Kisha mpe aisome kwa sauti, kwa kasi ileile atakayotumia siku yenyewe. Neno likimkwamisha mara mbili, libadilishe, hata kama wewe unalipenda.